Mhusika Mmoja, Mikono Mingi

Mtoto anayefuatilia katuni moja kila wiki ana jicho kali kuliko la mkubwa. Ataangalia dakika tano tu, kisha aulize: mbona leo amekuwa mwingine? Nguo ni zile zile na sauti ni ile ile, ila kichwa kimenenepa kidogo, macho yamesogeleana, na shingo iliyokuwepo wiki iliyopita haionekani. Watu wazima nao huuliza, kwa namna yao: je, wamebadilisha mchoraji?

Hakuna mchoraji mmoja wa kubadilishwa. Wapo wengi tangu mwanzo, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini haiwezi kuwa vinginevyo. Filamu huonyesha picha 24 kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Wachoraji wa katuni mara nyingi huacha mchoro mmoja ukae kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja hula michoro 12. Kipindi cha dakika 22 kina sekunde 1,320. Zidisha kwa 12, unapata michoro 15,840, na hapo tumemhesabu mhusika mmoja tu. Ni kweli kwamba wahusika hutulia mara kwa mara na michoro mingine hutumika tena, lakini vilevile mara nyingi huwa wawili au watatu kwenye picha moja, na kila mmoja huchorwa kivyake. Mtu anayemaliza michoro 20 kwa siku angehitaji siku 792 za kazi kutoa kipindi kimoja. Kazi lazima igawanywe.

Kwa hiyo swali la mtoto linageuka kuwa swali la studio: watu kumi, ishirini au mia moja, ambao wengine hawajawahi kukutana, watamchoraje mtu mmoja? Ili tusielee hewani, sura hii itamtumia mhusika wa kubuni. Tumwite Pendo, msichana wa miaka tisa mwenye mabutu mawili kichwani, sweta ya kijani ya shule, na nembo ya shule upande wa kushoto wa kifua.

Kosa hutambaa

Wengi hudhani mhusika hubadilika kwa sababu mchoraji mmoja ni dhaifu. Hilo hutokea, lakini ni rahisi kuliona na kulirekebisha. Hatari kubwa zaidi iko kwa wachoraji wazuri, na huja polepole.

Mchoraji wa kwanza anachora Pendo akiwa na karatasi rasmi mbele yake. Mchoraji wa pili anapewa tukio linalofuata. Badala ya kurudi kwenye karatasi, anafungua kazi ya mwenzake, kwa sababu humo Pendo tayari amekaa karibu na mkao anaouhitaji. Wa tatu anafungua ya wa pili. Kila mmoja ananakili kwa uaminifu, na kila mmoja anakosea kidogo, kwa kuwa hakuna mkono unaonakili bila kukosea. Tuseme kila mara kichwa kinakua kwa asilimia 3, kiasi ambacho jicho halikioni. Baada ya kunakiliana mara tano, kichwa kimekua kwa asilimia 16 hivi, na mtoto sebuleni ameshakiona.

Kuna aina nyingine ya kosa, ile ya mazoea ya mkono. Aliyezoea kuchora watu wazima atarefusha miguu ya Pendo kila mara, hata karatasi ikiwa mezani. Unaweza kuzitofautisha aina hizi mbili kwa kuweka michoro ya kipindi kizima kwenye ukurasa mmoja, vichwa kwa vichwa, kwa mpangilio wa matukio. Kosa la mazoea litarukaruka: limo katika matukio ya mtu mmoja, halimo katika ya mwingine, kisha limo tena. Kosa la kunakiliana litapanda kama ngazi kutoka tukio la kwanza hadi la mwisho. La kwanza linamhusu mtu mmoja na linaisha kwa kuzungumza naye. La pili ni la utaratibu wa studio nzima, na dawa yake ni amri moja isiyo na msamaha: anayechora huanza na karatasi ya mfano, hata kama mchoro wa mwenzake uko karibu na ni mzuri.

Karatasi ya mfano

Karatasi ya mfano ni ukurasa, au kurasa kadhaa, unaoonyesha mhusika alivyo rasmi. Umuhimu wake ulionekana mapema. Katika miaka ya 1930 studio ya Walt Disney iliunda idara nzima ya kazi hii chini ya Joe Grant, na karatasi haikuhesabiwa kuwa rasmi mpaka ibebe kibali chake, yaani herufi «O.K. J.G.». Thamani ya kibali hicho ilikuwa kwamba mchoraji hakuhitaji kubahatisha ipi kati ya karatasi tatu zilizokuwa zikizunguka ofisini ndiyo ya kweli.

Ukurasa wa kwanza wa Pendo unamwonyesha amesimama, akizungushwa: mbele, robo tatu, ubavu na mgongo. Robo tatu ni pale uso unapogeuka kidogo, mashavu yote mawili yakionekana lakini moja likiwa limepungua. Mwonekano huo ndio wenye kazi kubwa kuliko yote, kwa sababu wahusika wanaozungumza hutazamana, na wanaotazamana huonekana robo tatu. Karatasi yenye sura ya mbele nzuri na robo tatu ya haraka haraka itailetea studio matatizo msimu mzima.

Kisha vinakuja vipimo. Wachoraji hawapimi kwa sentimita, kwa sababu Pendo huchorwa mkubwa anapokuwa karibu na mdogo anapokuwa mbali. Wanampima kwa viungo vyake mwenyewe. Urefu wake ni vichwa vinne. Nafasi kati ya macho yake ni jicho moja. Kila butu ni nusu ya upana wa kichwa, na kitovu chake kiko usawa wa ncha ya juu ya sikio. Vipimo vya namna hii hudumu mhusika akiwa ukubwa wowote.

Mpaka hapo bado tunazungumzia picha, na watu wengi wanaotengeneza karatasi ya mfano kwa mara ya kwanza huishia hapo. Lakini picha inajibu maswali machache kuliko inavyoonekana. Mfano maarufu ni masikio ya Mickey Mouse. Ageuke upande wowote, masikio yake huonekana kama duara mbili kamili, jambo ambalo sikio la kweli haliwezi kulifanya. Mtu aliyeona sura ya mbele peke yake angechora sikio likijibana ubavuni, kama sahani inayogeuzwa, na angekuwa sahihi kimaumbile lakini amemkosea Mickey. Lazima aambiwe kanuni.

Pendo naye ana fumbo lake. Anapogeuka ubavu, butu la upande wa pili linakwenda wapi? Mchoraji mmoja atalificha nyuma ya kichwa, mwingine ataliacha lichungulie kisogoni, wa tatu atalipandisha utosini ili lionekane. Wote watatu wana hoja. Karatasi ndiyo inayotakiwa kuamua, kwa maneno: «ubavuni, theluthi moja ya butu la mbali huonekana nyuma ya kichwa, halipandi juu ya mstari wa utosi.» Katika The Simpsons, Bart ana ncha 9 za nywele. Hesabu hiyo inamwokoa mchoraji anayemgeuza kichwa na kujikuta na nafasi ya ncha saba tu.

Kwa Pendo, karatasi iliyokamilika ingejibu walau haya:

- Anakuwaje anapogeuka, na kitu gani hakigeuki pamoja naye?
- Ana urefu gani akisimama karibu na kila mhusika mwingine?
- Mdomo wake hufungukaje kwa a, e, i, o na u, na hufungwaje kwa m, b na p?
- Akicheka, akikasirika au akilia, sehemu gani za uso husogea na zipi hubaki?
- Makosa ya kawaida ni yapi?

Hilo la mwisho mara nyingi husahaulika, na kwangu ndilo ninaloliona la faida kuliko mengine. Ukurasa wenye michoro mibaya iliyopigwa msalaba mwekundu, kando ya iliyo sahihi, hufundisha haraka kuliko kurasa tatu za michoro mizuri, kwa sababu mchoraji hulitambua kosa lake mwenyewe humo.

Kwa ufupi: karatasi ya mfano ina picha, vipimo na kanuni. Picha huonyesha mhusika katika pembe nne, na kanuni humlinda katika pembe zote zilizobaki.

Jicho moja juu ya mikono yote

Hata karatasi bora inasomwa na watu, na kila mtu huisoma kwa jicho lake. Wajapani walitafuta dawa ya jambo hili, na utaratibu wao unafaa kueleweka.

Mwaka 1963 studio ya Toei ilitoa filamu ya katuni kuhusu mwanamfalme mdogo anayepambana na joka la vichwa vinane. Yasuji Mori alipewa humo kazi ambayo baadaye ilikuja kuwa cheo cha kudumu katika katuni za Japani: msimamizi wa michoro. Huyu hapokei matukio ya kuchora kama wengine. Michoro mikuu ya wachoraji wote hupitia mezani kwake, naye huisahihisha ili mhusika awe mtu mmoja. Mchoro mkuu ni ule unaoonyesha mwanzo, mwisho au mgeuko wa tendo: Pendo anainua mguu, Pendo yuko hewani, Pendo anatua. Michoro inayojaza nafasi baina ya hiyo huitwa michoro ya katikati, na huchorwa na watu wengine baadaye.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba msimamizi hafuti kazi ya mtu. Anaweka karatasi nyembamba ya rangi juu ya mchoro, kwa kawaida ya manjano, na juu yake anachora tu kile kilichopotoka. Mara nyingi ni uso peke yake. Mwili, mwendo na uigizaji hubaki vya mchoraji. Mkurugenzi wa kipindi naye hutumia karatasi ya rangi nyingine, hivyo anayepokea rundo la karatasi anajua papo hapo nani alitaka nini. Mkurugenzi akisema Pendo aonekane mwoga zaidi, hilo ni suala la uigizaji. Msimamizi akisema pua imepanda, hilo ni suala la kufanana. Maoni haya mawili yakichanganyika, mchoraji humfurahisha mmoja na kumkosea mwingine, na mchoro huenda na kurudi bila mwisho.

Raundi tatu, kosa moja kwa wakati wake

Tuchukue tukio la sekunde nne: Pendo na mama yake wanakimbilia daladala. Pendo anageuza kichwa nyuma kuangalia begi lililoanguka, kisha anaendelea kukimbia. Michoro mikuu ni sita. Ikijazwa ya katikati, Pendo peke yake atakuwa na michoro 48.

Raundi ya kwanza hufanyika michoro ikiwa rafu, yaani ya penseli nyepesi isiyo na mapambo. Msimamizi anaangalia mambo makubwa tu: uwiano, ukubwa, mkao, ujazo wa kichwa. Hasemi lolote kuhusu kope wala mikunjo ya sweta, hata akiyaona, kwa sababu mchoraji atatumia siku nzima kunyoosha kope za kichwa ambacho kitachorwa upya.

Katika tukio letu anaona jambo. Kwenye karatasi ya kundi, ambayo huwapanga wahusika wote kwenye mstari mmoja, utosi wa Pendo hufika kwapani mwa mama. Katika rafu, unafika begani. Mchoraji alikuwa na karatasi ya Pendo mezani, na Pendo wake ana vichwa vinne kamili. Mama naye ana vichwa sita kamili, kama karatasi yake inavyosema. Kosa liko katika swali ambalo hakuna karatasi iliyolijibu peke yake: vichwa vya nani? Kila mhusika amepimwa kwa kichwa chake, na mchoraji amechora kichwa cha Pendo kikubwa kuliko cha mama. Alipoulizwa, akaeleza kwamba alitaka nyuso zote mbili ziingie kwenye picha. Haja yake ni ya kweli, na anapaswa kusaidiwa kuitimiza kwa njia nyingine: mama ainame anapokimbia, au kamera ishuke. Kumkuza mtoto kungefanya tukio linalofuata, wanapopanda daladala, lionekane kama Pendo amenywea ghafla.

Masahihisho hayaandikwi kwa maneno. «Kichwa kikubwa» humwacha mchoraji akijiuliza kikubwa kiasi gani. Msimamizi huchora juu ya rafu, kwa rangi tofauti, mahali utosi unapotakiwa kufika. Kwa sasa kilichoguswa ni michoro sita.

Raundi ya pili huja baada ya usafishaji, yaani rafu zikishachorwa upya kwa mstari mmoja safi. Hapa ndipo kope, unene wa mstari, idadi ya vifungo na umbo la nembo hukaguliwa. Njia ya kuaminika ni kuweka karatasi ya mfano juu ya mchoro ikiwa imefifishwa, macho kwa macho, na kutazama mistari inapoachana. Njia nyingine ni kujaza mhusika kwa rangi nyeusi tupu abaki kivuli. Kivuli kikishindwa kutambulika kuwa ni Pendo, tatizo liko kwenye umbo, na hakuna kope litakaloliokoa.

Katika tukio letu raundi hii inagundua kwamba nembo iko upande wa kulia. Hakuna aliyeichora vibaya. Mkurugenzi aliamua Pendo akimbie kuelekea kushoto badala ya kulia, na mtu mmoja akaugeuza mchoro kama kwenye kioo. Kila kitu kisicholingana pande mbili, kama nembo, kovu, saa au mfuko mmoja, kimetegewa mtego huu. Studio zingine huamua mapema kumvisha mhusika nguo zinazolingana pande zote ili kuukwepa kabisa.

Raundi ya tatu ni ya mwendo. Michoro yote huchezwa kwa kasi yake halisi, kwa sababu kuna makosa yasiyoonekana katika mchoro uliosimama. Pendo anapogeuza kichwa, michoro mikuu miwili, wa mbele na wa nyuma, ni sahihi kabisa. Ikichezwa, kichwa kinaonekana kunywea katikati ya mgeuko na kuvimba tena. Kisa ni kwamba mchoraji wa katikati alichukua njia ya mkato: kila nukta ya mchoro wa kwanza aliisogeza kwa mstari ulionyooka hadi nukta yake ya pili. Lakini ncha ya pua ya mtu anayegeuka haipiti ndani ya kichwa, inazunguka kwa tao. Ukinyoosha tao hilo, kichwa kinabanwa. Dawa ni kuongeza mchoro mkuu mmoja katikati ya mgeuko, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo, kisha kuchora upya ile ya jirani.

Urefu wa Pendo ungegunduliwa hapa, katika raundi ya tatu, michoro yote 48 ingerudiwa, na labda ya mama pia.

Kwa ufupi: rafu ni ya umbo, mstari safi ni wa vitu vidogo, na mwendo ni wa yale yanayotokea kati ya mchoro na mchoro. Ukiyachanganya, unalipa mara mbili.

Kosa likirudi mara tatu

Msimamizi mzuri huweka daftari la masahihisho. Wachoraji watatu wasiofahamiana wakilikosea butu la Pendo kwa namna ile ile, kosa ni la karatasi, na kuwasahihisha mmoja mmoja ni kupoteza muda. Karatasi irekebishwe, mchoro mbaya uongezwe kwenye ukurasa wa misalaba, na toleo jipya lipewe namba, kwa mfano:

```
PENDO_MFANO_v03
```

Toleo la v02 liondolewe kwenye folda ya kazi siku hiyo hiyo. Likibaki, yupo atakayelitumia, hasa aliyekuwa likizo wiki toleo lilipobadilika. Na tarehe ya mabadiliko iandikwe kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu matukio yaliyokwisha kupitishwa kwa v02 yatahitaji uamuzi: yarudiwe, au yaachwe? Uamuzi huo ni wa bajeti, na ni haki ya mtayarishaji kuufanya akiwa na orodha mbele yake.

Karatasi ilipokuwepo na mambo yakaharibika

Sasa tuangalie kisa cha kweli. Familia ya The Simpsons ilianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha vichekesho cha Tracey Ullman, nchini Marekani. Vilichorwa na wachache sana, akiwemo David Silverman, na kufanana kulilindwa na ukweli kwamba waliketi pamoja. Ilipoamuliwa kutengeneza vipindi kamili vya nusu saa, kazi ilipanuka mno. Michoro ya msingi ilifanyika Los Angeles katika studio ya Klasky Csupo, kisha sehemu kubwa ya michoro iliyobaki ikatumwa Seoul, Korea Kusini, kwa studio ya AKOM.

Kipindi cha kwanza kiliporudi mwaka 1989, waliokitazama walishtuka. Rangi za wahusika zilikuwa zao na walitambulika, lakini ulimwengu wao ulikuwa kama wa mpira. Milango ilipofungwa ilipinda, vitu vikavutika na kurudi. Watayarishaji Matt Groening na James L. Brooks walitaka familia inayoishi katika nyumba ngumu, ambamo mtu akianguka anaumia. Kilichorudi kilifuata mazoea ya katuni nyingi za wakati huo, ambamo kila kitu hunyumbuka. Takriban asilimia 70 ya kipindi ililazimika kufanywa upya, na Silverman akaongoza marekebisho. Kipindi cha pili kilikuwa na kasoro ndogo tu, na hicho ndicho kilichoipa timu imani kwamba mfululizo unaweza kuendelea. Uzinduzi uliopangwa kwa majira ya vuli ukasogezwa hadi tarehe 17 Desemba 1989, kwa kipindi cha Krismasi, na kile kilichoharibika kikaonyeshwa Mei 1990, cha mwisho katika msimu.

Ninavyokisoma kisa hiki, kinatuonyesha mpaka wa karatasi ya mfano ya kawaida. Inasema mhusika anafananaje akiwa ametulia. Isiposema anasogeaje, kila mchoraji ataijaza nafasi hiyo kwa mazoea aliyokuja nayo, na hatahisi kwamba amekosea. Kwa Pendo, hilo lingekuwa ukurasa mmoja zaidi: anatembea kwa hatua fupi, fremu 12 kwa kila hatua. Mwili wake haunyumbuki isipokuwa mabutu, ambayo huchelewa fremu mbili nyuma ya kichwa. Meza, milango na magari havinyumbuki kamwe.

Je, kompyuta haijamaliza tatizo hili?

Imelibadilisha. Leo studio nyingi hazichori kila fremu. Zinamtengeneza mhusika mara moja kama kikaragosi cha vipande, kichwa, mkono wa juu, kiganja, na vipande hivyo husogezwa ndani ya kompyuta. Uwiano haubadiliki wenyewe, na hilo ni faraja kubwa kwa timu ndogo.

Faida inaonekana zaidi kwa wahusika wenye madoa. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, ulichukua sura yake kutoka michoro ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, ambamo wanyama hujazwa madoa na mistari ya rangi kali. Mnyama wa namna hiyo akichorwa upya kila fremu, hakuna mkono utakaorudisha madoa mia moja mahali pale pale, na ngozi yake itaonekana ikichemka. Doa likishabandikwa kwenye kipande cha mguu, huenda na mguu.

Lakini kikaragosi nacho hupotoka. Mtu atavuta mkono kidogo ili ufike kwenye kikombe, asiurudishe. Mwingine atahitaji kiganja kinachoshika kamba, hakikuwepo kwenye maktaba, atakichora mwenyewe kwa mstari mnene kuliko wa Pendo, na kiganja hicho kitaingia kwenye maktaba na kutumiwa na kila mtu. Hili ni lile lile kosa la kunakiliana, limepata mlango mpya. Kwa hiyo msimamizi wa leo hukagua zaidi vipande vinavyoongezwa kuliko fremu, na hakuna kipande kinachoingia maktaba bila kibali chake.

Pale ambapo Pendo anaruhusiwa kutofanana

Msimamizi mwenye bidii anaweza kumharibu mhusika kwa kumsahihisha kupita kiasi. Kila uso ukilazimishwa ulingane na karatasi, Pendo atalia na kucheka kwa uso ule ule uliobadilishwa mdomo tu, na watazamaji watamwona kama muhuri. Uso unaolia hubanwa: mashavu hupanda, macho huwa nyuzi, paji hukunjika. Vipimo vya karatasi havitatimia hapo, na visitimie. Kinachopaswa kubaki ni ujazo: kikibanwa kimo, upana uongezeke, ili kichwa kionekane kina nyama ile ile.

Mwendo wa kasi unahitaji uhuru zaidi. Pendo anapounyakua mlango wa daladala, mkono wake unaweza kuchorwa mrefu mara mbili, wenye vidole vinne vilivyoyeyuka kuwa utepe, kwa fremu moja au mbili. Bila mchoro huo mkono huruka kutoka mahali hadi mahali na jicho linakwama. Karatasi ya mfano iandike ruhusa hiyo waziwazi, pamoja na kikomo chake: fremu mbili, mikono na miguu tu, uso usiguswe. Katika raundi ya tatu tukio lichezwe kwa kasi yake kabla ya yeyote kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Akisimamisha hapo ataona kitu cha kijani kisichofanana na msichana yeyote, na kikiwa ndani ya fremu zake mbili, akipitishe.